Naandika "mambo" nafuta: miaka 12 sijamsalimia rafiki yangu

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 38, naishi Dodoma, nina mume na watoto wawili.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Z. Tulikutana form five 2004, shule ya bweni huko Iringa, kitanda cha dabodeka, yeye chini mimi juu. Baridi ile tulikuwa tunagawana ndoo moja ya maji ya moto, yeye akinawa nusu ananibakishia. Mimi nilikuwa namuita Makande kwa sababu ndiye mtu pekee bweni zima aliyekuwa anayapenda, yeye ananiita Twiga kwa urefu. Chuo tukasoma wote Dar, tukapanga chumba kimoja Sinza. Alikuwa ndugu yangu kabisa.

2013 baba yake akafariki, wakazika kwao Lushoto. Mimi nikamwambia naumwa tumbo siwezi kusafiri. Ukweli ni kwamba Jumamosi ile kulikuwa na kicheni pati ya mtoto wa bosi wangu, mimi ni kamati, nimeshatoa mchango, nauli sina na kumwambia nauli sina niliona aibu. Watu wakaweka picha fesibuku, nimevaa sare nacheka. Jumatatu Z akaniandikia maneno mawili tu, "Poa. Nimeona." Sikujibu. Nikasema nitajibu kesho, kesho ikawa wiki, wiki ikawa miaka 12.

Mwezi wa pili tumehama nyumba nikakuta khanga aliyoninunulia siku tunamaliza chuo, imeandikwa "Wema hauozi". Nimelia Anti. Tangu siku hiyo naandika "Mambo Z", nafuta. Namba yake ya zamani ipo lakini wasapu inaonyesha picha ya mwanaume amesimama na Noah. Ipo nyingine niliyoinakili kwenye grupu la tuliosoma wote, alipoingizwa alikaa siku mbili akatoka.

Dada yangu anasema niombe msamaha kabisa, nimeshaandika kwenye simu maelezo marefu kama mtihani. Mume wangu anasema angenihitaji angeshanitafuta, niachane naye. Mimi natamani nimsalimie tu, hata kama ni salamu. Naanzaje?

Twiga wa Dodoma

*

Marahaba mdogo wangu Twiga, na pole.

Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na kilichonikaa kichwani siyo kicheni pati, ni hayo maneno mawili. Umeyabeba miaka 12 ukiyasoma kwa sauti moja tu, sauti ya mtu aliyekufungia mlango. Sasa mimi sikuwepo na wewe hukuwepo Lushoto, lakini nimekaa kwenye misiba mingi na naijua ile Jumatatu ya baada ya kuzika, wageni wameondoka, sufuria za kukodi zinarudishwa, mtu hajalala siku nne na simu iko mkononi. "Poa. Nimeona." inaweza kuwa hasira, ndiyo. Inaweza pia kuwa ni mtu aliyekuachia nafasi ya kusema kitu, akasubiri, hukusema. Sikwambii ni ipi, nakwambia tu kwamba hujui, na kila ulichoamua kuhusu Z tangu siku hiyo umekijengea juu ya kitu usichokijua.

Shemeji yangu huyo anayesema "angekuhitaji angekutafuta" namuheshimu, anakulinda, ila hapo kageuza. Kwetu aliyefiwa hamtafuti ambaye hakuja. Aliyefiwa anakaa, pole inapelekwa kwake. Kwa hiyo ukimya wa Z hauwezi kukuambia kama anakutaka au hakutaki, yeye alikuwa upande ambao kwa mila yetu haupaswi kuanza. Na bahati nzuri kwako mila hiyohiyo imekuachia njia. Si unajua mtu ukikutana na mwenzio baada ya miaka mitatu minne, hata sokoni, kama hukuwahi kumpa pole ya mzazi wake unamshika mkono unampa palepale, na hakuna anayekushangaa umechelewa? Pole hiyo bado unayo mkononi. Ila siyo lazima iwe ndiyo neno la kwanza, nitafika huko.

Kabla ya maneno tuanze na namba, maana salamu nzuri ikienda kwa mwanaume wa Noah ni kazi bure. Ile ya zamani iache. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaichukua unamuuzia mtu mwingine, na unakumbuka Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, watu wengi walipoteza namba zao za chuo kipindi kile. Hii ya kwenye grupu ndiyo ya kuifanyia kazi. Ukitaka kuhakikisha, fanya kama unataka kumtumia elfu moja kwa simu, jina la mwenye laini litakuja kabla hujathibitisha, lisome halafu ghairi. Likija jina la Z sawa. Likija la mtu mwingine lenye jina la mwisho la kwao au la mwanaume usiyemjua usikate tamaa haraka, watu wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume au kaka. Ila hapo ujue kuna uwezekano simu hiyo ina macho mawili, kwa hiyo usiandike kitu ambacho ungeona aibu kikisomwa na mtu mwingine.

Na kwamba alitoka kwenye grupu baada ya siku mbili, nimeona umeliweka kama ushahidi. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye magrupu matatu mwaka huu, sina ugomvi na mtu, nimechoka tu na picha za saa kumi na moja alfajiri na kadi za michango. Usilihesabu.

Haya, "Mambo Z".

Nikwambie kwa nini vidole vyako vinakataa, na siyo wewe tu. Kuna watafiti wawili, Lara Aknin wa Kanada na Gillian Sandstrom wa Uingereza, walitoa utafiti 2024 kuhusu jambo hilihili. Waliwachukua watu wenye rafiki waliyepoteana naye, wana namba yake, wanatamani kumsalimia, wanaamini mwenyewe atafurahi, wakawapa muda palepale waandike wakitaka watume. Waliotuma hawakufika hata theluthi. Watu walikuwa wanasita kumsalimia rafiki wa zamani kama wanavyosita kuongea na mtu wasiyemjua kabisa. Mimi niliposoma hilo nikasema ndiyo maana, kichwani anakaa kama ndugu lakini vidole vinamchukulia kama mgeni. Kilichosaidia kilikuwa kidogo sana, waliwaambia baadhi yao watumie kwanza dakika tatu kuwaandikia marafiki na watu wanaowasiliana nao siku hizi, halafu ndiyo wamwandikie yule wa zamani. Waliotuma wakafika 53 kwa mia, wale ambao hawakupasha mkono hivyo walikuwa 31. Kwa hiyo siku ukiamua usianze na Z. Anza na jirani, mtumie mdogo wako "umeamkaje", mtanie shoga yako wa kazini, mkono ukishachangamka ndiyo ufungue jina lake. Lakini nisikudanganye, wale wa utafiti walikuwa wanaamini rafiki atafurahi, wewe huna uhakika huo, na kuna uongo katikati yenu. Zoezi litakusaidia kutuma, halikuhakikishii atakachojibu.

Sasa jiweke kwenye simu ya Z. Namba ngeni, jina hakuna, imeandikwa "Mambo". Unajua yeye atafanya nini? Kama ni mtu wa siku hizi atawaza matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akijitahidi atajibu "Nani mwenzangu?" na hapo wewe tayari uko kwenye kujieleza, salamu imeshakuwa mahojiano. Akikujua je, akaona ni wewe? Kitu cha kwanza kwa Mtanzania yeyote aliyesalimiwa ghafla baada ya miaka ni kujiuliza mchango wa nini. Mimi mwaka juzi nilipata "Mambo shoga" ya mtu niliyesoma naye, nikaiacha wiki tatu nikisubiri kadi ije, kumbe masikini alikuwa amenikumbuka tu. Bado najisikia vibaya. Kwa hiyo salamu yako, pamoja na ufupi wake, ina kazi tatu, ajue ni nani, ajue huna shida ya hela, na ajue hadaiwi jibu.

Kujua ni nani, hapo una utajiri, una Makande. Hilo jina matapeli hawalijui na mume hawezi kulitunga. Likiwa neno la kwanza atajua kabla hajafika la pili. Wewe uliandika "Mambo Z", nadhani kwenye rasimu zako uliandika jina lake kamili, na jina kamili kwa mtu uliyekuwa unamuita Makande ni kama kumpa kiti cha wageni. Ila lina hatari yake na nakuachia uipime, anaweza kuona unamzoea haraka, unachukua utani wa bwenini wakati hamjamaliza la Lushoto. Mimi ningelitumia mara moja tu, kwenye salamu, basi, nisiongeze utani mwingine.

Halafu kuna neno "umepotea". Tunaliandika bila kufikiri, "umepotea sana wewe", "umeadimika". Kwa watu wengine halina neno, kwako lina neno kubwa, maana aliyepotea ni wewe. Andika "nimepotea". Silabi moja hiyo Twiga, lakini ndani yake umeshachukua upande wako wa kosa bila kuanza hotuba.

Na kuna maswali ya salamu zetu ambayo tumeyazoea mpaka hatuyasikii. Shemeji hajambo? Watoto wangapi sasa? Mama mzima? Miaka 12 ni mingi. Huyo mama inawezekana naye ameshaondoka na hukuwepo mara ya pili, huyo shemeji inawezekana hayupo tena, watoto inawezekana ndilo jambo linalomliza usiku. Uliza kitu kipana ambacho anaweza kukijibu vyovyote, "huko kwema?", "wazima huko?", atachagua mwenyewe amfungulie nani mlango.

Tujaribu kuandika basi. Hii hapa ni moja, siyo dawa, igeuze iwe ya mdomo wako.

"Makande, mambo. Ni mimi Twiga wa dabodeka ya juu, hii ndiyo namba yangu siku hizi, yako nimeipata kwenye grupu la shule. Nimepotea sana. Tumehama nyumba nimekuta khanga uliyonipa tulipomaliza chuo, nikaona siwezi kukaa bila kukusalimia. Sina mchango wala shida. Natumaini huko kwema. Ukipata nafasi sawa, usipopata pia sawa, salamu imefika."

Iangalie. Namba umeipata wapi umesema, maana mtu aliyejitoa kwenye grupu atataka kujua nani katoa namba yake. Sababu ya kumkumbuka ni kitu kinachoshikika, khanga, siyo "nimekuwa nikikuwaza sana" ambayo inamfanya ajiulize umepatwa na nini, unaumwa? Hakuna swali linalomlazimisha. Sentensi ya mwisho wengine wataiona baridi, inampa ruhusa ya kunyamaza na kweli anaweza kuitumia. Mimi naona ndiyo inayomfanya ajibu kwa hiari, lakini kama kwenu Z alikuwa mtu wa kubembelezwa, ile aina inayosema "mbona hukusisitiza", iondoe. Wewe ndiye unayemjua, au ulikuwa unamjua.

Utaona sijaweka Lushoto. Hapo ndipo penye ugumu wa kweli na sitaki kukupitisha haraka.

Njia ya kwanza ni hiyo, salamu tupu, Lushoto baadaye. Uzuri wake haimpi kazi, yuko kwenye daladala anasoma anatabasamu au hatabasamu, anaweka simu. Ubaya wake anaweza kusema huyu anajifanya hakuna kilichotokea, miaka 12 halafu khanga! Na kama ndicho kilichomuuma, kwamba ulicheka kwenye picha huku yeye anazika, salamu ya uchangamfu inaweza kumrudisha palepale. Ndiyo maana sikuweka vicheko kwenye ile rasimu, kile kicheko cha "hahaha" baada ya mchango kilitaka kuingia nikakizuia.

Njia ya dada yako ni yale maelezo marefu yote. Naelewa, unataka kutua mzigo. Lakini hebu yasome tena ukiwa Z. Mtu anafungua simu asubuhi anakuta kifo cha baba yake kimeandikwa upya na mtu aliyekosekana, aya kumi, na mwisho anaombwa asamehe. Atajibu nini, saa ngapi, akiwa kazini? Kusamehe kwa meseji kwa mtu uliyemkosa miaka yote hiyo ni kazi kubwa unayompa bila kumsalimia. Na jiulize kwa upole, hayo maelezo unamwandikia yeye au unajiandikia wewe ulale? Yote mawili yanaruhusiwa, ila la pili unaweza kulifanya bila kumtumia. Usiyafute hata hivyo, yatunze, ndani yake kuna sentensi mbili tatu utakazozihitaji.

Katikati kuna njia ya kuweka mstari mmoja kwenye salamu hiyohiyo, kitu kama "La msiba wa mzee sijalisahau, nilikukosea, na pole sijakupa. Siku ukiwa tayari kunisikiliza nitasema." Hii inamwonyesha hujifichi. Hatari yake ni kwamba inaning'iniza jambo, mtu anaanza kujiuliza atasema nini, na kwa wengine "siku ukiwa tayari" ni mzigo uleule kwa kifungashio kidogo. Mimi moyo wangu unaegemea huku kidogo kuliko kwenye salamu tupu, kwa sababu Z alishaona picha, na mtu aliyeona akisalimiwa kama hakuona anajisikia mjinga. Lakini wewe uliandika kwamba unatamani kumsalimia tu, hata kama ni salamu, na hilo nalo nalisikia. Kama ukiweka huo mstari hutatuma kabisa, utaandika na kufuta mwaka mwingine, basi afadhali salamu iende peke yake na mstari usubiri jibu lake la kwanza.

Siku Lushoto itakapofika, iwe kwenye meseji au mdomoni, kuna neno moja uliogope, "kama". Kila Ramadhani na kila Kwaresma tunatumiwa zile za kusambaza, "kama kuna mahali nimekukosea kwa kujua au kutojua". Zinaenda kwa watu mia mbili. Wewe si kama, wewe unajua mahali, siku na sare uliyovaa. "Nilikudanganya, sikuumwa. Nilikuwa kwenye shughuli, nauli sikuwa nayo nikaona aibu kukwambia." Hivyo tu. Lile la nauli ni kweli na nadhani ndilo lililokufunga kuliko yote, michango ya shughuli ilikuwa imekukausha ukashindwa kwenda kwa mtu wako mwenyewe, ni wengi hayo yamewakuta. Lakini liseme mara moja na likae nyuma ya "nilikudanganya", likitangulia litasikika kama unajitetea. Na usimuulize amekusamehe. Muache.

Kwa sababu hiyohiyo usingoje Idi uifanye kisingizio. Najua inavutia, ni siku ambayo kila mtu anasalimia kila mtu. Salamu yako itaingia pamoja na picha za mwezi na tende kutoka kwa watu sitini, ataipita. Siku ya kawaida, jioni kabla ya isha au Jumapili mchana, mtu ametulia. Saa tano usiku hapana, namba ngeni usiku inaleta maneno kwenye nyumba za watu.

Voisi nimeifikiria pia, maana sauti yako ataijua. Tatizo voisi ya namba ngeni wengi hawaifungui, na akiifungua inaweza kuwa kwa spika mbele ya watu. Iwe ya pili, akishajibu. Kupiga simu moja kwa moja kunamnyima muda wa kupanga uso wake. Kupitia mtu wa tatu, mwenzenu yeyote wa bwenini, kuna faida kwamba anaweza kumuuliza Z kwanza kama ni sawa, lakini salamu ikipita mdomo wa pili inakuwa habari, na kesho grupu zima linajua Twiga na Makande wana kesi.

Ukishatuma sasa. Tiki moja ikikaa siku mbili haina maana amekufungia, simu inaweza kuwa imezima, hana bando, au laini hiyo haina wasapu tena. Jaribu ujumbe wa kawaida mara moja, maneno yaleyale. Tiki mbili bila bluu, wengine wameizima hiyo bluu, hutajua. Bluu na kimya, hapo ndipo utakapoumia na nakuomba usimtumie alama ya kuuliza, usifute ujumbe, maana anaona umefuta na atakaa anawaza ulichokiondoa, na usiwe wa kwanza kuangalia stetasi yake kila ikitoka. Mpe muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Wewe umeandika na kufuta tangu mwezi wa pili, yeye naye ana haki ya kuandika na kufuta.

Akijibu "Poa, za huko", utaisoma kwa ile sauti ya 2013, najua. Hilo neno "poa" kwenu lina kovu. Jibu fupi kama lake, "huku kwema, nimefurahi kukusikia", uishie hapo siku hiyo. Usifungue maelezo marefu kwa sababu mlango umefunguka kidogo. Akijibu kwa hasira, akasema leo ndiyo umenikumbuka, hilo nalo ni jibu la mtu ambaye bado ana kitu na wewe, usijitetee, sema "una haki, nilidanganya", halafu msikilize mpaka amalize, hata akimalizia mwezi ujao. Akisema hataki, mshukuru, na hiyo namba usiitumie tena. Asipojibu kabisa, mimi ningeacha. Wengine wanajaribu tena mara moja baada ya mwaka, kwa jambo la maana siyo kwa kuuliza mbona hukunijibu, sioni ubaya, ila mara ya tatu inakuwa kumsumbua.

Na uwezekano mwingine hujautaja, akajibu kwa furaha. Ikawa "TWIGAAA" na voisi nne. Utafurahi, na kwa furaha hiyo utashawishika kulizika la Lushoto kwa sababu yeye mwenyewe hakulitaja. Urafiki mwingine umeishi hivyo na umeishi vizuri. Mwingine ulikaa miezi miwili ukavunjika siku ya kwanza mmoja alipofiwa tena. Hapo sitakuchagulia, ila pole ya baba yake mpe hata kama ya uongo utaiacha ipumzike, ile ni deni la peke yake.

La khanga namalizia. Utatamani kuipiga picha umtumie, na ni wazo zuri, lakini siyo kwenye ujumbe wa kwanza. Khanga inaongea, na hii yako inasema "Wema hauozi". Yeye ndiye aliyekuwa anakubakishia maji ya moto, akaletewa picha ya maneno hayo na mtu ambaye hakwenda kumzikia baba, anaweza kusoma fumbo ambalo hukuliweka. Sema tu umeikuta. Akikuuliza ipi hiyo, ile ya Sinza? ndipo umtumie, ikiwa imekunjuliwa vizuri dirishani, maandishi yaonekane.